Karani kafoji saini ya mjomba kwenye hundi, benki inasema "ulikaa kimya, umekubali". Hasara ya nani hapa?

MwanaNgamiani
Wakuu salaam. Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 8. Ana akaunti ya biashara benki fulani mjini, mwenye kusaini ni yeye peke yake. Ana karani wa hesabu waliyekaa naye miaka, mtu wa kula nae sahani moja. Sasa mwezi Desemba wakala wa saruji kapiga simu hundi aliyopewa imerudi, akaunti haina pesa, mjomba akabisha akasema haiwezekani, ndo nikamchukua tukaenda kuchukua stetimenti za mwaka mzima tukakaa nazo sebuleni usiku kucha.

Tumekuta hundi 8 ambazo mjomba hazijui. Saba saini siyo yake, imefojiwa, na imefojiwa vizuri kusema kweli. Milioni 1.85 mwezi wa tatu, 2.2 mwezi wa tano, 2.6 mwezi wa saba, afu 3.1 Septemba, 3.4 Oktoba, na Novemba mbili, 3.75 na 4.1. Jumla milioni 21. Ya nane saini ni ya mjomba mwenyewe lakini yeye aliandika laki nne na imelipwa milioni mbili na laki nne. Karani kazima simu, kwao Korogwe hayupo.

Tumeandika barua benki. Wamejibu kwa ukurasa mmoja kwamba saini zinafanana na sampuli waliyonayo, na kwamba kwa mujibu wa fomu ya kufungulia akaunti mteja akikaa siku 14 bila kupinga stetimenti basi amekubali, kwa hiyo suala limefungwa tumtafute karani. Je hii ni sawa?

Kapteni_wa_Jahazi
Mjomba wako ajiandae, kutoa hundi ambayo haina pesa ni kesi ya jinai hiyo, atafute hela amlipe wa saruji haraka kabla hajapelekwa kituoni

MwanaNgamiani
Kapteni soma uzi tafadhali, wa saruji keshalipwa kesi sio hiyo

Swahiba_Minnesota
Kaka pole. Huku Marekani nilipo hili lina kanuni yake kabisa, mteja akishaletewa stetimenti lazima aikague. Mtu yule yule akirudia kukufojia na wewe ulishapewa stetimenti yenye hundi ya kwanza zaidi ya siku 30 ukanyamaza, zile zinazofuata ni zako. Na mwaka mmoja ukipita hudai kabisa hata ya kwanza. Kwa hiyo mjomba ameponea labda hundi za mwanzo, hizo zingine asahau. Benki wapo sahihi ila siku 14 ndo wamebana sana.

Bi_Mkonge
Swahiba ulichosema ni kweli kwa huko uliko, na hata huko umesahau kipande, benki nayo ikionekana ilizembea wakati wa kulipa basi hasara inagawanywa. Lakini hiyo imeandikwa kwenye sheria yao. Sheria yetu ya hundi, Sura ya 215, imefuata ya Mwingereza ya mwaka 1882 na hiyo haina siku 30 wala mwaka.

MwanaNgamiani, anza hapa. Pesa iliyoko benki siyo fungu lako limewekwa kwenye kabati wakaibiwa. Benki inadaiwa na mjomba. Hundi ni amri ya mjomba kwa benki, "mlipe fulani kiasi hiki, nikate kwenye ninachowadai". Saini ikifojiwa amri haipo. Siyo amri mbovu, haipo kabisa. Kwa hiyo benki ilipolipa ilitoa pesa yake yenyewe kumpa mwizi na haina haki ya kukata kwenye akaunti ya mjomba. Wakikuambia saini inafanana sana na sampuli hawajajibu kitu, hata ingefanana mpaka nukta, swali siyo tela alikuwa mzembe au makini. Swali ni mjomba alisaini au hakusaini.

Shekhe_Duga
Bi Mkonge hapo nakupinga kidogo. Huyu mjomba kitabu cha hundi alikiacha kwa karani, stetimenti haangalii mwaka mzima, biashara anaendesha kama genge la nazi. Uzembe wote ni wake leo benki ibebe? Mimi nimesoma mtu mzembe hawezi kufaidika na uzembe wake.

Bi_Mkonge
Shekhe hoja yako inaingia kwenye hundi moja tu kati ya nane, ile ya laki nne. Ngoja niulize kwanza. MwanaNgamiani ile hundi mjomba aliiandika yeye au karani aliijaza akampelekea kusaini? Na maneno yameanzia wapi kwenye mstari?

MwanaNgamiani
Karani alijaza. Nina picha waliyotupa benki. Kwenye mstari wa maneno "laki nne tu" ipo katikati kabisa, mbele yake imeandikwa "Milioni mbili na" kwa herufi zimebanana kidogo. Kwenye kiboksi cha tarakimu 400,000 imesogea kulia na ile 2 imechomekwa mbele. Mjomba anasema alisaini akiwa anapakia mabati kwenye fuso.

Bi_Mkonge
Basi hiyo hesabu imepotea, ama iko kwenye hali mbaya sana. Kuna kesi ya Uingereza 1918, London Joint Stock Bank na Macmillan, karani alimletea bosi hundi ya pauni 2 akiwa anatoka kwenda kula mchana, kwenye tarakimu kaacha nafasi huku na huku, kwenye maneno hakujaza kitu, bosi akasaini. Karani akaweka 1 mbele na 0 nyuma ikawa 120, maneno akayajaza mwenyewe. Mahakama ikasema mteja ana wajibu wa kuiandika hundi yake kwa namna isiyomrahisishia mtu kuibadilisha, hasara ikabaki kwa mteja. Ya mjomba inafanana nayo mno. Zile milioni mbili za nyongeza nisingezipigania kwa nguvu, unaweza kuzitaja kwenye barua lakini usizichanganye na zile 7 maana benki itazishika hizo ikuoneshe mzembe kwenye zote.

Sasa Shekhe, uzembe unaohesabika ni ule wa kwenye hundi yenyewe wakati wa kuiandika. Kuacha droo wazi, kumwamini karani, kutokagua hesabu, hayo kwa sheria ya kawaida hayaipi benki haki ya kulipa bila amri. Najua yanaudhi ila ndivyo ilivyo.

Mweka_Hazina_Mstaafu
Mimi naomba nilete ya kwangu. Muheza kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa hundi ilikuwa na saini mbili, mwenyekiti na mweka hazina ambaye ndo mimi. Mwenyekiti akawa anasaini yake ya halali afu ya kwangu anaichora. Benki ikasema saini moja ni halali na mwenyekiti ndo mkubwa kwa hiyo malipo yamesimama. Tukakubali yakaisha. Sasa nasoma hapa roho inaniuma, ni mwaka juzi tu hii.

Bi_Mkonge
Mzee shikamoo. Kama fomu ya benki ilisema saini mbili, basi amri ni saini mbili. Moja halali na moja ya kuchorwa ni sawa na hakuna amri. Mliposema "mlikubali", mlisaini karatasi yoyote ya kumaliza madai au mlinyamaza tu? Hilo ndilo litakaloamua kama kuna kitu kimebaki. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6 kwa hiyo mwaka juzi bado uko ndani.

Mweka_Hazina_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Kuna barua tulisaini, ngoja niitafute.

Swahiba_Minnesota
Sawa dada nimekuelewa kuhusu sheria, lakini hiyo fomu aliyosaini si mkataba? Kasema mwenyewe akikaa siku 14 amekubali. Mkataba ni mkataba.

Bi_Mkonge
Hapo ndo pazito, na ndo barua nzima ya benki imesimamia hapo. MwanaNgamiani tuandikie maneno yenyewe ya fomu, usifupishe, neno kwa neno.

MwanaNgamiani
Nimeipata nakala. Inasema hivi: "Mteja atachunguza taarifa ya akaunti na kuijulisha Benki juu ya kosa lolote ndani ya siku 14 tangu tarehe ya taarifa. Iwapo hatafanya hivyo taarifa hiyo itahesabiwa kuwa sahihi." Basi, hamna kingine.

Bi_Mkonge
Vizuri. Kuna kesi ya Hong Kong, kiwanda cha pamba kinaitwa Tai Hing kiliwadai mabenki matatu, iliishia Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya Hong Kong enzi hizo, mwaka 1985. Karani wa hesabu alifoji saini ya mkurugenzi kwenye hundi kama 300 hivi kwa miaka kadhaa, jumla kama dola milioni 5.5 za Hong Kong, na kiwanda hakikuwa kikikagua stetimenti ipasavyo. Mabenki yakaleta hoja mbili. Ya kwanza, mteja ana wajibu wa kukagua stetimenti hata kama hakuna mkataba uliosema. Ikakataliwa. Ya pili, masharti kwenye fomu yalisema asipopinga ndani ya siku kadhaa stetimenti itahesabiwa imethibitishwa. Hiyo nayo ikakataliwa, na sababu yake ndo unayoitaka wewe. Walisema benki ikitaka mteja apoteze haki kubwa namna hiyo kwa kunyamaza, lazima maneno yamfikishie wazi kabisa kwamba anatakiwa akague hundi moja moja, na kwamba asiposema atabeba hata hundi za kughushi. Maneno ya jumla jumla hayatoshi.

Ya mjomba inasema "kosa lolote" na "itahesabiwa kuwa sahihi". Hakuna neno kughushi, hakuna "utazuiwa kuidai benki". Kwa kipimo cha Tai Hing haifiki.

Ila nisikudanganye. Kesi hiyo haifungi mahakama zetu, kilichopokelewa hapa kama sheria ni ya Mwingereza ya kabla ya tarehe 22 Julai 1920, zilizokuja baadaye ni za kushawishi tu. Na Kanada mahakama zao zimekuwa zikiyakubali masharti ya namna hii yakiwa yameandikwa waziwazi. Kwa hiyo fomu mpya za benki siku hizi, zile ndefu zinazotaja kabisa "ikiwemo hundi zenye saini ya kughushi", hizo mtu asizichukulie kirahisi. Ya mjomba ni ya zamani?

MwanaNgamiani
Ya zamani sana, imepigwa kwa taipureta sehemu ya jina.

Tela_wa_Zamani
Nimekaa kaunta na baadae ofisi ya hundi miaka mingi, nisemee upande wa pili maana humu benki inapigwa tu. Kwanza fomu ya zamani siyo mwisho, muulize mjomba kama alishasaini nyingine alipojiunga na huduma za simu au alipobadilisha taarifa zake, mara nyingi ile ya pili ndo ina masharti mapya na watu wanasaini bila kusoma. Pili meseji. Kila hundi ikilipwa inaenda meseji. Benki itasema hukuhitaji hata stetimenti, ulijulishwa siku ile ile mara saba.

Tatu namna ya kutambua, hili kwa wengine wote wenye biashara. Karani mwizi hachani hundi ya mbele, anachana nyuma ya kitabu pamoja na kishina chake ili usione pengo. Kwenye stetimenti namba za hundi zitakwenda 412, 413, 414, afu ghafla 450, afu 415. Hiyo 450 ndo mwizi. Huhitaji kukumbuka kiasi wala jina, pitisha kidole kwenye safu ya namba tu.

MwanaNgamiani
Wallahi ndivyo ilivyo! Kurasa za nyuma hazipo. Na meseji, mzee wangu, namba iliyosajiliwa benki ni ya simu ya dukani na simu ya dukani anakaa nayo karani.

Tela_wa_Zamani
Basi alishapanga. Ila benki watasema namba uliitoa wewe.

Shekhe_Duga
Mnaona sasa? Simu kwa karani, kitabu kwa karani, stetimenti kwa karani. Bi Mkonge bado?

Bi_Mkonge
Bado Shekhe. Kilichojulikana na karani mwizi hakiwi kimejulikana na mjomba, yeye ndo aliyekuwa anamficha. Kitu kimoja tu kinaweza kuniondoa hapa, mjomba mwenyewe kujua. Siyo "angeweza kujua kama angeangalia", kujua. MwanaNgamiani muulize mzee taratibu, kabla ya Desemba hakuna siku alishtukia chochote?

MwanaNgamiani
Nimerudi. Nimekaa na mjomba jana baada ya swala ya isha, mambo yamebadilika kidogo na sijui niandike vipi. Kumbe mwezi wa nane mke wake alikuta stetimenti ya Julai kwenye bahasha, akamuuliza hii milioni 2.6 umemlipa nani. Mjomba akamuita karani. Karani akalia, akasema mama yake alikuwa anapasuliwa Bombo, akaogopa kuomba, atarudisha kidogo kidogo kwenye mshahara. Mjomba akamsamehe. Hakusema benki, hakusema polisi, hakuangalia miezi ya nyuma, na kitabu cha hundi akamwachia. Amenambia "yule ni kama mwanangu". Mimi hili sikulijua nilipoanzisha uzi.

Kapteni_wa_Jahazi
Duh

Bi_Mkonge
Ahsante kwa kuleta ukweli, bora humu kuliko kizimbani. Hii inatupeleka kwenye kesi ya Greenwood na Martins Bank, nayo Uingereza, uamuzi wa mwisho 1932. Mke alikuwa anafoji saini ya mume. Mume akagundua, mke akamwambia pesa zimekwenda kumsaidia dada yake kwenye kesi, mume akanyamaza miezi mingi. Baadae akajua hakuna kesi yoyote, akamwambia mke naenda benki, mke akajiua. Mume akaidai benki akashindwa. Mahakama ikasema mteja akijua hundi zake zinafojiwa ana wajibu wa kuijulisha benki, na kunyamaza kwake kuliinyima benki nafasi ya kumdai mwizi wakati bado ingewezekana. Sheria yetu ya ushahidi nayo ina kanuni hiyo, ukimwachia mtu aamini jambo kwa kunyamaza kwako akatenda kwa imani hiyo, huwezi kugeuka.

Kwa hiyo igawe milioni 21 namna hii. Ile 2.6 ya Julai aliijua akaisamehe, hiyo imekwenda. Septemba mpaka Novemba, jumla 14.35, hakuzijua hizo hundi zenyewe, lakini alijua kuna mtu ana kitabu chake na anafoji saini yake na akaiacha benki iendelee kulipa. Benki itasema angetuambia Agosti tusingelipa hata moja, na sioni jibu zuri la hapo. Zinabaki Machi na Mei, milioni 4.05. Hizo zililipwa kabla hajajua kitu na Agosti alikuwa bado hazijui.

Tela_wa_Zamani
Hata hizo 4.05 usimpe matumaini sana. Agosti karani alikuwa yupo, ana mshahara, ana pikipiki, benki ingemkamata. Saa hizi hayupo. Hasara ya kumkosa inatokana na ukimya ule ule.

Bi_Mkonge
Hoja nzuri ila Greenwood alijua juu ya hundi anazozidai. Mjomba kwa Machi na Mei hakujua. Huwezi kuwa na wajibu wa kusema usichokijua, na kumlazimisha kwamba baada ya Julai angekagua nyuma ni kurudisha ule wajibu wa kukagua ambao Tai Hing waliukataa.

Tela_wa_Zamani
Aliwekewa moto mlangoni akaupisha ukapita. Hakimu mwingine atasema kufumba macho ni kujua.

Bi_Mkonge
Anaweza. Hapo sina bishano, hapo ni hakimu.

Shekhe_Duga
Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo

Bi_Mkonge
Jibu ulilipata shekhe, sababu zako siyo. Ulisema hakukagua. Tatizo ni kwamba alijua.

MwanaNgamiani
Sasa tufanye nini kwa vitendo? Mjomba anasema aachane nayo, mimi milioni nne naziona ni pesa.

Tela_wa_Zamani
Hundi zililipwa kwa kaunta au zilipitia benki nyingine? Kama ni kaunta, karatasi yenyewe iko tawini kwenu. Kama aliziweka benki nyingine, siku hizi kinachosafiri ni picha, karatasi imebaki kule. Andikeni barua leo muombe zihifadhiwe hundi halisi na kadi ya sampuli ya saini. Mtaalamu wa maandishi wa polisi anataka wino na mgandamizo wa kalamu, picha ya simu haimsaidii, na akusanyiwe saini za mjomba za miezi ile ile, za risiti, za barua, siyo zile atakazosaini leo akiwa na hasira.

Bi_Mkonge
Na fungueni jalada polisi dhidi ya karani, siyo kwa sababu litarudisha pesa ila mtu anayelalamika kafojiwa na hajaripoti haaminiki. Kwenye barua mpya kwa benki dai Machi na Mei kwa kutaja namba za hundi, na jambo la Agosti msilifiche, wakilikuta wenyewe mbele ya safari hata hizo 4.05 zitanuka. Wakikataa tena kuna dawati la malalamiko la Benki Kuu, wanataka kuona kwamba mlianza na benki yenyewe. Mahakamani kiasi hicho ni mahakama za chini, haiendi Mahakama Kuu. Na tafuteni ile fomu ya pili aliyosema Tela kabla ya yote.

MwanaNgamiani
Fomu ya pili ipo. Shangazi kaikuta, ya huduma za simu, saini ya mjomba ipo chini, masharti yamo nyuma kwa maandishi madogo sana, picha niliyopiga haisomeki. Kesho naenda stesheneri nikaiskani.

Mweka_Hazina_Mstaafu
Na mimi ile barua ya chama nimeipata. Imeandikwa "bila kuathiri haki za pande zote". Hii inasaidia au inaumiza?

Bi_Mkonge
Mzee hiyo huenda inasaidia, mpaka niisome yote. Nitumie, na MwanaNgamiani naye atume ya kwake ikishaskaniwa.